Kutembea chini ya sifuri

Uyole, Mbeya
Julai

Mpendwa rafiki yangu,

Salamu nyingi kutoka huku kwenye baridi. Barua yako imenifikia. Unasema darasa la sita wanakariri kwamba hasi na hasi inakuwa chanya, halafu wanakosa hata −3 + 5. Sikushangaa, maana sheria hiyo wanaipachika popote wanapoona alama ya hasi. Nakueleza ninavyofanya mimi.

Chora mstari kwa chaki barazani, kuanzia −10 hadi 10, ukiacha sentimita 40 kati ya alama na alama. Mstari wote unakuwa mita nane, na kila nafasi mtoto wa umri huo anaipita kwa hatua moja bila shida. Sifuri ipigie duara kubwa.

Anza na hali ya hewa, usianze na pesa. Ukiwauliza kati ya −8 na −3 ipi kubwa, wengi watasema −8, na deni linawaunga mkono kwa sababu deni la nane kweli ni kubwa kuliko la tatu. Kwenye baridi hawabishi. Huku kila mtoto amesikia habari za uwanda wa juu wa Kitulo, ambako mwezi wa sita na wa saba umande huganda usiku mpaka majani ya viazi yanaungua. Mwambie mmoja asimame kwenye −2, ndiyo alfajiri, kisha atembee hadi 9, ndiyo mchana. Joto limepanda nyuzi 11, na amezihesabu kwa miguu yake mwenyewe.

Kutembea kuna kanuni mbili tu. Alama ya kujumlisha au kutoa inamwambia ageukie wapi: kujumlisha anatazama upande wa chanya, kutoa anatazama upande wa hasi. Alama ya namba inayofuata inamwambia aendeje: chanya anakwenda mbele, hasi anarudi kinyumenyume. Sasa mpe −3 − (−5). Anasimama kwenye −3, anageukia upande wa hasi, anarudi kinyumenyume hatua tano. Anafika 2. Mwenzake afanye −3 + 5: anatazama chanya, anakwenda mbele tano, naye anafika 2. Waache wasimame hapo wawili, mmoja kaelekea huku na mwingine kule, darasa liwatazame.

Asiyefika 2 naye anakuonyesha tatizo lake. Aliyeishia 1 amehesabu “moja” kabla hajanyanyua mguu. Aliyeishia 3 ameiruka sifuri. Aliyefika −8 amegeuka vizuri lakini akaenda mbele, yaani ameona alama ya kutoa na hakuiona alama ya namba. Kwa hiyo usimwahi kumsahihisha. Tazama kwanza ameishia wapi. Darasa likiwa kubwa, kila mmoja aandike jibu lake daftarini kabla mtembeaji hajaondoka, la sivyo watakaa kumcheka tu anayerudi kinyumenyume.

Bado watakuuliza, kwa nini arudi nyuma? Hapo sasa ndipo pesa inapohitajika. Hatua moja iwe shilingi 1,000. Ukisema “ana −3, futa deni la tano,” mjanja mmoja atakukamata: “Mwalimu, anadaiwa elfu tatu, tunafutaje elfu tano?” Ana haki. Ndiyo maana mimi nakata karatasi, nyingine noti za 1,000, nyingine hati za deni la 1,000. Mtoto anapewa noti mbili na hati tano. Ukimuuliza hali yake halisi, akilipa alichonacho atabaki anadaiwa 3,000, kwa hiyo asimame kwenye −3. Lakini hajalipa, noti bado anazo mkononi. Sasa mwenye duka anasema nimekusamehe yote, anazichana zile hati tano. Mtoto anabaki na noti mbili, na ili mstari useme kweli lazima asogee hadi 2. Hakupewa hata senti, ila ameondolewa deni, na amesogea hatua zilezile ambazo angesogea kama angepewa 5,000.

Usijaribu kisa hiki kwa baridi. Kumwambia mtoto “ondoa nyuzi hasi tano” hakuna anachokiona. Nyuzi zinafaa kulinganisha na kutafuta tofauti, kama ile 9 − (−2) inayotoa 11. Kufuta ni kazi ya deni. Na kuzidisha hasi kwa hasi usikulete barazani kabisa, kanuni zangu mbili hazijatengenezwa kwa hilo.

Chaki inafutika haraka watoto wakipita, basi iandae asubuhi ileile ya kipindi. Niandikie wangapi waliishia −8. Kwangu ndio huwa wengi.

Nisalimie shemeji na watoto.

Wako,
Mwalimu mwenzio