"Sikujua" ya aina mbili, na kwa nini moja hatuwezi kuitetea

Lalamiko hili limerudi tena wiki hii: "Wakili amechukua ada yangu, halafu ananiambia kutojua sheria si utetezi." Tunaelewa uchungu wake, lakini ada ile ilikuwa ya kusoma jalada na kusema ukweli kabla mteja hajasimama kizimbani.

Tuchukue kesi ya nyama, maana Serengeti na pembezoni mwake haziishi. Mtu anakutwa na kilo kadhaa za nyama ya nyumbu bila kibali. Akisema, "Nilijua ni nyumbu, ila sikujua inatakiwa kibali," hapo kakosea sheria. Kifungu cha 8 cha Kanuni ya Adhabu ya Tanzania kinamfungia mlango, isipokuwa sheria yenyewe itamke kwamba kujua ni sehemu ya kosa. Kama ingekuwa vinginevyo, kila mshtakiwa angesema hakusoma sheria, na nani angethibitisha kwamba aliisoma?

Akisema, "Niliuziwa kama nyama ya ng'ombe," kakosea jambo lenyewe, na kifungu cha 11 kinamsikiliza. Mahakama inajiuliza: kama alivyoamini ndivyo ingekuwa, angekuwa na kosa? Nyama ya ng'ombe haina kosa. Lakini aliyedhani amenunua swala, kumbe ni twiga, haponi kwa hoja hiyo, kwa sababu hata swala angehitaji kibali.

Imani hiyo iwe ya dhati, na iwe na msingi. Tulimtetea mama lishe aliyenunua buchani mchana, kwa bei ya siku zote, na muuza bucha anamfahamu. Hoja yake ilikuwa na miguu. Mwingine alinunua usiku kwenye baiskeli, nusu bei, nyama haina ngozi wala muhuri wa mkaguzi. Huyo tulimwambia wazi kwamba hakimu atamuuliza kwa nini hakushtuka. Tena zipo sheria zinazoiondoa kabisa kinga hii, ndiyo maana tunasoma kifungu cha shtaka kwanza.

Kinachotuumiza ni njia ya mkato. Mtu anataka kuokoa ada, anaandika maelezo ya onyo polisi peke yake: "Ni kweli nilikuwa nayo, sikujua ni kosa." Sentensi hiyo imekiri kila kitu. Kumbe alimaanisha hakujua ni nyumbu! Mahakamani akisema, "Ni kweli, lakini nilidhani ni ng'ombe," hakimu anapaswa kuandika kwamba amekana. Akisema tu "ni kweli" na kutiwa hatiani, rufaa yake kwa kawaida inabaki kwenye adhabu peke yake, na kupigania kwamba hakukiri sawasawa ni kazi ndefu inayozidi mara nyingi ada aliyoikwepa.

Kwa hiyo njoo kabla ya kuandika maelezo. Kama umeshaandika, njoo na nakala ya hati ya mashtaka, na utuambie ulinunua kwa nani, saa ngapi, shilingi ngapi.