Fonti moja, karatasi ya A5 na kioo cha inchi tano

Kipeperushi cha A5 kina upana wa milimita 148. Simu ya bei nafuu yenye kioo cha inchi 6.5 na pikseli 720 kwa 1600 ina upana wa milimita 68 hivi. Ukichukua picha ya kipeperushi kile kile kilichotoka mashineni ukaiweka kwenye status, kila herufi inashuka chini ya nusu ya ukubwa wake. Mteja anayekipokea mkononi pale stendi anasoma bei bila shida. Anayekiona kwenye kundi la WhatsApp inambidi akuze picha kwa vidole viwili, na wengi hupita tu.

Tuchukue mfano wa duka la pembejeo linalouza chakula cha kuku, dawa za mifugo na mbegu. Rangi yake ni kijani. Lina orodha ya bidhaa 14 na bei zake, namba ya simu, lipa namba na maelekezo ya kufika. Orodha imeandikwa kwa Century Gothic, ukubwa wa pointi 9, kwa sababu fonti hiyo inaonekana ya kisasa. Hapo shida huanzia kwenye herufi moja tu, nayo ni "a".

Kiswahili kimejaa "a". Hebu hesabu zilizomo katika "dawa za kutibu mafua ya bata". Fonti huchora herufi hii kwa namna mbili. Kuna "a" yenye tumbo chini na kofia inayojikunja juu yake, na kuna "a" ya duara lenye kijiti pembeni, kama tunavyoiandika kwa kalamu shuleni. Century Gothic na Futura hutumia ya pili. Kwa ukubwa wa kichwa cha habari haina neno, lakini ikishuka hadi pikseli tano au sita, kile kijiti hutoweka na "a" hubaki kuwa "o". "Dada" inakuwa "dodo", "dawa" inakuwa "dowo". Msomaji bado ataelewa, lakini atasoma kwa kubahatisha, na orodha ya bei si mahali pa kubahatisha. Kwa biashara inayoandika Kiswahili, hicho ndicho kigezo cha kwanza tunachoangalia sisi wachapaji: fonti ya maandishi madogo iwe na "a" yenye kofia.

Cha pili ni miguu. Andika neno "umuhimu" kwa fonti unayoitaka, kisha lipunguze. Herufi u, m, h na i zote zimejengwa kwa vijiti vilivyosimama. Fonti iliyobanwa, au maandishi ambayo mtu ameyasogeza karibu karibu ili yaenee kwenye mstari, huligeuza neno hilo kuwa uzio wa miti usioonyesha herufi moja inaishia wapi. Maneno yetu ni marefu, kwa hiyo kishawishi cha kubana ni kikubwa. Afadhali uondoe neno moja kwenye sentensi kuliko kubana herufi.

Cha tatu ni kimo cha herufi ndogo, yaani urefu wa "x" au "a" ukilinganisha na ukubwa wote wa fonti. Pointi 9 si kipimo kimoja kwa fonti zote. Times New Roman ya pointi 9 ina herufi ndogo za kimo cha milimita 1.4 hivi, wakati Open Sans ya pointi 9 inafika milimita 1.7. Ukubwa unaoandikwa kwenye programu ni ule ule, lakini macho yanaona tofauti kubwa. Ndiyo maana tunapima kwa rula kwenye karatasi iliyochapwa. Sheria ya Umoja wa Ulaya ya mwaka 2011 kuhusu lebo za chakula inadai kimo hicho kisipungue milimita 1.2 kwa lebo za kawaida. Kwa kipeperushi kinachosomwa kwenye daladala, sisi hatushuki chini ya 1.6.

Tarakimu nazo zisisahaulike, kwa sababu lipa namba ikisomwa vibaya pesa inakwenda kwa mtu mwingine. Andika 3 8 6 9 5 kwa ukubwa mdogo uone kama matumbo ya 6, 8 na 9 yanabaki wazi. Kisha andika 1111 na chini yake 8888. Mistari miwili ikilingana kwa urefu, safu yako ya bei itasimama wima, na isipolingana bei zitayumba. Georgia, ambayo ni nzuri kwa hadithi ndefu, huchora tarakimu nyingine zikipanda na nyingine zikishuka chini ya mstari, kwa hiyo namba ya simu hucheza cheza. Isitumike kwenye bei.

Kwa duka letu la pembejeo, chaguo linalokidhi haya yote ni Open Sans. Inapatikana bure kwenye Google Fonts, na leseni yake inaruhusu matumizi ya biashara. Ina udhaifu mmoja: "I" kubwa na "l" ndogo zinafanana mno, jambo linaloweza kusumbua kwenye anwani ya barua pepe. Verdana, iliyochorwa na Matthew Carter kwa ajili ya vioo vya kompyuta na kutolewa na Microsoft mwaka 1996, imeliondoa tatizo hilo kwa kuiwekea "I" vijiti juu na chini, lakini ni pana sana na orodha ya bidhaa 14 ingekula nafasi ya ramani. Nembo ya duka inaweza kubaki na Century Gothic yake, maana huko herufi ni kubwa.

Yanayotokea kwenye karatasi

Vipeperushi vingi vya bei ya chini huchapwa kwa riso au fotokopi kwenye karatasi ya gramu 80. Karatasi hiyo haina mng'ao, na hunyonya wino. Wino ukisambaa kidogo tu, herufi nyeusi hunenepa na matundu ndani ya "a" na "e" huziba. Herufi nyeupe juu ya rangi nzito hufanyiwa kinyume: wino unaingia ndani yake kutoka pande zote, na zinakonda. Kwa hiyo maandishi meupe juu ya kijani yawe manene, na yasishuke chini ya pointi 11. Bei zenyewe ziwe nyeusi juu ya nyeupe.

Epuka kijivu kabisa kwenye maandishi madogo. Mashine ya wino mmoja haina kijivu. Inakitengeneza kwa kutawanya vidoti vyeusi, na herufi ya pointi 8 ikijengwa kwa vidoti, kingo zake hukatika kama kitambaa kilichotafunwa na panya. Kwenye kompyuta ilionekana laini, ndiyo maana watu hushtuka mzigo ukishatoka.

Ukichapa rangi kamili kwa ofseti, hatari inahama. Rangi hutokana na wino nne: samawati, majenta, njano na nyeusi, na kila moja hupita peke yake. Programu nyingi za ofisini hutengeneza nyeusi ya rangi za kioo, na ikigeuzwa kwa ajili ya mashine huwa mchanganyiko wa wino zote nne. Karatasi ikisogea sehemu ndogo ya milimita, kila herufi inapata kivuli chekundu upande mmoja na cha samawati upande mwingine. Mwambie mchapaji maandishi yawe ya wino mweusi peke yake, asilimia 100, na wino nyingine sifuri. Kisha mwombe akuonyeshe kabla ya sahani za kuchapia kutengenezwa.

Yanayotokea kwenye simu

Turudi kwenye hesabu. Open Sans ya pointi 9 ina kimo cha milimita 1.7 kwenye karatasi ya milimita 148. Kwenye simu yenye upana wa pikseli 720, kimo hicho kinakuwa pikseli 8. Kwenye simu ya zamani ya inchi 5 yenye pikseli 480, kinakuwa 5 na nusu. Sasa fikiria herufi "e". Ina mistari mitatu ya kulala na nafasi mbili katikati, kwa hiyo inahitaji angalau safu tano za pikseli. Hapo uko ukingoni kabisa, hata kabla WhatsApp haijaibana picha.

Ubanaji wenyewe una tabia yake. Picha ya JPEG hutunza mwanga na giza kwa usahihi zaidi kuliko rangi. Maandishi mekundu juu ya kijani chenye mwanga unaolingana nayo hutofautishwa kwa rangi peke yake, na rangi ndiyo inayopunguzwa, kwa hiyo kingo za herufi humomonyoka. Kijani kizito juu ya nyeupe hupita salama. Njano juu ya nyeupe haipiti, na ukiwa juani huioni kabisa.

Kwa hiyo usitume kipeperushi cha karatasi. Tengeneza picha ya pili yenye upana wa pikseli 1080, na herufi za Open Sans nusu nene zisizopungua ukubwa wa pikseli 56. Hapo kimo cha herufi ndogo ni pikseli 30. Simu ya 720 itaonyesha 20, ya 480 itaonyesha 13, na zote mbili zinatosha. Ukiacha pikseli 60 kila upande, mstari mmoja unabeba herufi kama 32. Ina maana bidhaa 14 hazitakaa vizuri pamoja na maelezo yake. Weka tano zinazoulizwa sana, bei zake, na namba ya simu iliyogawanywa tatu tatu. Zilizobaki ziende kwenye picha nyingine inayofuata. Juu na chini acha nafasi tupu, kwa sababu jina la mtumaji na sehemu ya kujibu hufunika hapo.

Angalia pia alama ya ritifaa kwenye "ng'ombe". Baadhi ya fonti za mapambo hazina alama hiyo, na programu huikopa kutoka fonti nyingine. Utaijua kwa pengo linalobaki kati ya "ng" na "ombe", au kwa mkia usiofanana na herufi nyingine.

Kabla ya kuagiza nakala elfu moja, chapa moja kwa ukubwa kamili kwenye karatasi ile ile itakayotumika, itoe fotokopi, kisha itoe fotokopi ile fotokopi. Mpe mtu asiyelijua duka aisome lipa namba kwa sauti, karatasi ikiwa umbali wa mkono. Picha ya simu itume kwa mtu, naye aitume kwa mwingine mwenye simu ya zamani, mwanga wa kioo ukiwa nusu, asimame nje saa saba mchana. Akiikuza picha ili aone bei, ongeza ukubwa wa herufi au ondoa bidhaa moja, kisha jaribu tena. Ukija kuchapa, tuletee faili la PDF ambalo fonti zimo ndani yake. La sivyo kompyuta ya kiwandani itaweka fonti nyingine, na mistari yote uliyoipanga itahama.