Kwa nini hatutoi fotokopi ya ramani ya dharura ya shule

Mteja mmoja alilalamika kwamba tumemchaji ramani 16 za njia za kutoka shuleni wakati wa dharura, "wakati mchoro ni ule ule." Si yeye wa kwanza kusema hivyo, kwa hiyo acha nieleze.

Shule tuliyoichorea ilikuwa na ghorofa mbili. Kila ghorofa ina korido moja ndefu, madarasa manne kila upande, na ngazi kila mwisho. Ramani hubandikwa ndani ya darasa, kando ya mlango. Anayeisoma darasa la kaskazini anatazama kusini, hivyo mkono wake wa kushoto uko mashariki. Wa darasa la ng'ambo anatazama kaskazini, na kushoto kwake ni magharibi. Ramani sahihi hugeuzwa ili kilicho kushoto kwenye karatasi kiwe kushoto kwa msomaji, na alama ya "Upo hapa" huhama darasa kwa darasa.

Shule nyingine ilinunua kwetu ramani moja tu, ya darasa la kaskazini, ikaitoa kopi na kuibandika kila mahali. Siku ya zoezi la dharura, watoto wa upande wa kusini walifuata mishale ya madarasa yao. Wa mashariki wakakimbilia magharibi, wa magharibi wakaja mashariki, wakagongana katikati ya korido. Tuliitwa kuchora upya zote, na gharama ikazidi ile waliyoikwepa. Kopi zenyewe zilikuwa nyeusi na nyeupe, hivyo kijani cha njia ya kutokea na chekundu cha kizimamoto vilionekana sawa.

Ukitaka kukagua yako, simama mbele yake, nyoosha mkono kuelekea ngazi zilizo karibu nawe zaidi kwenye mchoro, kisha toka mlangoni. Kama ngazi za karibu ziko upande mwingine, iondoe leo.

Bei yetu inahusu pia kazi isiyoonekana kwenye karatasi. Kabla ya kuchora tunatembea kila njia na kufungua kila mlango. Katika shule ile ya madarasa 16, walimu walitaka wote washukie ngazi kuu kwa sababu ndizo walizozoea. Kwa watoto 40 kila darasa, hao ni 320 wa ghorofa ya juu kwenye ngazi moja. Tukawagawa 160 kila upande. Mlango chini ya ngazi za pili ulikuwa na kufuli, na mlango wa kufuli sikuuwekea mshale mpaka kufuli lilipoondolewa.

Mahali pa kukusanyika palikuwa tayari pamechaguliwa, mbele ya geti. Hapo ndipo gari la zimamoto linapoingilia! Tulipahamishia mwisho wa uwanja wa michezo, mbali na ukuta na vioo, tukaweka alama ya kijani yenye mishale minne inayoelekea kwa kundi la watu. Kila darasa lina namba yake pale, maana mwalimu asipojua watoto wake wanasimama wapi hawezi kuita majina na kugundua nani hayupo.

Yule mteja wa ramani 16 alizilipia zote baada ya kutembea nami korido nzima, ramani mkononi.