Herufi za darizi zisipotee picha ya vazi inapogeuzwa mchoro

Wateja wengi wanaodarizi sare kwetu hapa Mombasa siku hizi hawaishii kwenye vazi lenyewe. Huomba pia picha ya mtu aliyevaa sare hiyo igeuzwe mchoro wa rangi za maji, au katuni, au bango la mtindo wa zamani, wapate kuibandika dukani na kuituma kwa simu. Kazi hiyo tunaifanya kwa programu za akili unde, na lalamiko tunalolisikia kuliko yote ni moja: mchoro unapendeza, uso ni wa mwenyewe, lakini jina lililodariziwa kifuani limegeuka vijiti visivyosomeka. Makala haya yanaeleza kwa nini hutokea hivyo, na jinsi tunavyoandika agizo, au prompti kama wengi wanavyoiita, ili herufi zibaki herufi.

Tuchukue kazi moja tuliyoifanya kwa nahodha wa jahazi anayetembeza wageni. Fulana zake za polo ni za buluu iliyokoza. Kifuani, upande wa moyo, tumedarizi nanga ndogo kwa uzi mweupe, na chini yake neno NAHODHA kwa herufi kubwa zenye kimo cha sentimita 2. Alituletea picha aliyopigwa akiwa amesimama sitahani, mwili mzima, akataka igeuzwe mchoro wa rangi za maji. Agizo letu la kwanza liliandikwa kwa haraka, nasi tunalionyesha kama lilivyokuwa:

```
Transform this photo into a loose watercolor painting, keep the logo
```

Mchoro uliotoka ulikuwa na bahari nzuri sana, na kifuani paliandikwa NAHOOHA. Ile D ilikuwa imepoteza mgongo wake ulionyooka ikawa duara, na nanga ilikuwa imeota mkono wa tatu. Mzee aliitazama kwa muda, kisha akasema kwa upole, "Mwanangu, watu wa bandarini wakiona hili watanicheka mpaka kusi ligeuke kaskazi." Tulimwomba atupe siku moja.

Kosa la kwanza halikuwa la maneno, lilikuwa la ukubwa. Programu nyingi za aina hii haziichori picha pikseli kwa pikseli, bali huifinya kwanza kuwa jedwali dogo la vyumba, hulibadilisha jedwali hilo, kisha huikunjua tena. Katika Stable Diffusion ya mwaka 2022, kwa mfano, picha ya pikseli 512 kwa 512 hufinywa kuwa vyumba 64 kwa 64, maana yake kila chumba hubeba mraba wa pikseli 8 kwa 8. Sasa ipime picha ya mzee. Ilichukua kimo cha takriban mita 2, nayo ilipunguzwa kuwa pikseli 1024 kwenda juu, hivyo kila sentimita ilipata pikseli 5 na kidogo, na herufi ya sentimita 2 ikapata pikseli 10. Kwa hesabu hiyo ya vyumba, herufi nzima ilikaa katika chumba kimoja na robo. Tofauti kati ya D na O ni mstari mmoja ulionyooka, na mstari huo haukuwa na mahali pa kukaa.

Tulirudi kwenye picha ya asili tukaikata kuanzia kichwani hadi kiunoni, kimo cha sentimita 80 hivi. Kwa kimo kilekile cha pikseli 1024, herufi sasa zilifika pikseli 25, yaani vyumba vitatu. Kwetu sisi, herufi iliyo chini ya pikseli 20 haiokolewi na agizo lolote hata likiandikwa kwa ustadi namna gani, na hatumtozi mteja fedha za kujaribu. Kupima ni rahisi: fungua picha katika programu yoyote ya kuhariri, ipunguze hadi ukubwa ambao itachorwa, kisha zungushia herufi moja mraba na usome kimo chake.

Baada ya hapo ndipo maneno yalipoanza kuwa na kazi. Agizo la pili lilikuwa hili. Tunaandika kwa Kiingereza kwa sababu ndiyo lugha ambayo programu tunazotumia huielewa vizuri zaidi, ila neno la kwenye vazi tunaliacha katika lugha yake:

```
Change only the painting style of this photo to watercolor.
Keep the man, pose, shirt and framing exactly the same.
On the chest, at the right side of the image, the shirt reads
"NAHODHA" in white capital letters, one straight line,
same size and position, with a white anchor above it.
Paint the letters as solid white shapes with clean edges.
Use loose washes only in the sky and the sea.
```

Tazama kwanza kitenzi. Katika agizo la awali tulisema `Transform`, neno ambalo programu hulichukua kama ruhusa ya kugeuza kila kitu. `Change only` hutaja kitu kimoja kinachobadilika, na sentensi inayofuata hutaja vinavyobaki kwa majina yake, kwa kuwa "hifadhi kila kitu kingine" ni maneno mapana mno yasiyoshika chochote.

Pili, tumeandika herufi zenyewe ndani ya alama za kunukuu badala ya kusema nembo au jina. Neno `logo` huiambia programu kwamba pana alama fulani kifuani, lakini haliiambii ni ipi, nayo hukisia kutokana na ukungu ilioupata. Ikipewa herufi saba kwa mpangilio wake, haina haja ya kukisia. Jambo hili lina uzito zaidi kwa maneno ya Kiswahili, kwa sababu programu imekutana nayo mara chache kuliko ya Kiingereza, na palipo na DH au NG' pamoja ndipo herufi huangukia mara nyingi. Wala usilitafsiri neno unapolieleza. Mteja mwingine aliyejaribu mwenyewe nyumbani aliagiza neno la cheo libaki, akakitaja cheo hicho kwa Kiingereza, na fulana ikatoka imeandikwa CAPTAIN kwa herufi safi kabisa.

Tatu ni upande. Sisi mafundi tukisema kifua cha kushoto tunamaanisha kushoto kwa mvaaji, lakini kwenye picha hapo ni mkono wa kulia wa mtazamaji. Kabla hatujalizingatia hili tulipata michoro yenye nembo mbili, moja kila upande, programu ikiwa imeiacha ile iliyoiona na kuongeza ile iliyoambiwa. Ndiyo maana agizo linasema upande wa kulia wa picha.

Nne, na hapa ndipo tulipochelewa sana kuelewa, ni lazima uamue uzi unakuwa kitu gani katika mtindo mpya. Darizi ya herufi ni mishono mingi iliyolazwa sambamba, yenye kung'aa na vivuli vyembamba katikati yake. Ukiiambia programu ihifadhi darizi na papo hapo ichore kwa rangi za maji, umeiamuru ichore nyuzi kwa brashi lowevu, na matokeo yake ni herufi zenye michirizi iliyokatika. Kwa hiyo tunaliacha neno la darizi nje ya agizo na kusema herufi ziwe maumbo meupe yaliyojaa, yenye kingo safi. Mteja akitaka uzi uonekane, tunamshauri achague mtindo unaoubeba, kama mchoro wa kalamu ya risasi wenye mistari myembamba, wala si rangi za maji zinazotawanyika.

Sentensi ya mwisho ya agizo inatokana na jambo hilo la nne. Neno `loose`, yaani mchoro ulioachiwa huru, ndilo linaloupa mchoro uzuri wake, na ndilo linalozila herufi. Hatukulifuta, tulilipa mipaka ya mbingu na bahari. Wengi huongeza makatazo, kwamba herufi zisipinde na zisikosewe, lakini kwa uzoefu wetu kueleza jinsi herufi zinavyopaswa kuonekana kuna nguvu kuliko kukataza. Mahali penye kitelezi cha nguvu ya mabadiliko, kinachokwenda kutoka 0 hadi 1, tunaanzia karibu na 0.4 na kupanda polepole, kikifika 0.7 sehemu kubwa ya picha huchorwa upya, herufi zikiwemo.

Mchoro wa mzee ulitoka vizuri katika jaribio la tatu. La pili lilikuwa na N iliyolala kidogo, nasi hatukuirekebisha juu ya mchoro huo, bali tulirudi kwenye picha ya asili na kuanza upya. Ukiurudisha mchoro kwenye programu mara kwa mara, kila mzunguko huongeza kasoro ndogo juu ya zile za nyuma, hata nanga hugeuka ndoana bila mtu kuona ilianza wapi.

Leso zina shida yake nyingine. Jina la leso huwa refu, na mvaaji anapojifunga, mikunjo humeza sehemu yake. Tuseme leso imeandikwa MGENI NJOO MWENYEJI APONE, na kwenye picha yanaonekana MGENI na APONE tu. Ukiandika jina zima katika agizo, programu itajitahidi kulibana lote katika nafasi iliyopo, na herufi zitapandana. Taja yale yanayoonekana pekee, kisha sema kwamba maandishi mengine yamefichwa na mkunjo.

Kabla ya kumkabidhi mteja tunasoma herufi moja moja kutoka kulia kwenda kushoto, kwa sababu jicho linalolijua neno hulisoma kwa mazoea hata likiwa na kosa. Kisha tunamwita kijana wa kupokea wateja, ambaye hajaiona oda hiyo, asome kwa sauti. Akisita, mchoro haujakamilika.

Nembo za duara zenye maandishi madogo yanayozunguka ukingo, kama beji za shule na za timu, hatuzitegemezi kwa maneno hata kidogo. Tunaliacha eneo hilo lichorwe liwezavyo, kisha tunaichukua nembo kutoka faili tuliyodarizia, tunaipinda ifuate mkunjo wa kitambaa na kuilaza juu ya mchoro kwa mkono. Kazi hiyo huongeza muda, na bei yake tunaitaja kabla ya kuanza.

Unapotuletea picha, pasi fulana kwanza, simama ili kifua kielekee kamera, na upigwe kuanzia kiunoni kwenda juu. Ukiituma kwa WhatsApp itume kama dokyumenti, kwa kuwa picha ya kawaida hupunguzwa njiani, na uandike chini yake maandishi ya vazi herufi kwa herufi, kama yalivyoshonwa.