Kwa nini PR moja imerudishwa mara tano

Kila tukituma ankara ya kazi ya programu, lalamiko ni lilelile: "Kazi ndogo kama hii, mbona saa za ukaguzi zimezidi saa za kuandika?" Saa hizo hazipandi kwa sababu mkaguzi anapenda kusumbua watu. Zinapanda kwa sababu PR ileile, yaani ombi la kuingiza mabadiliko ya msimbo kwenye mradi, inakwenda na kurudi. Ndiyo maana kwenye ankara zetu kuna safu ya raundi, na anayelipa ana haki ya kujua inahesabiwaje.

Raundi moja ni hii: mkaguzi ametuma maoni, developa amesukuma komiti, yaani mabadiliko ya msimbo, za kuyajibu, kazi imerudi kwa mkaguzi. Maoni ishirini yaliyotumwa kwa mkupuo ni raundi moja. Wakaguzi wawili wakituma maoni kabla developa hajagusa kitu, bado ni moja. Kwa mradi ulio GitHub tunatoa orodha mbili na kuzipanga kwa saa:

```
gh pr view 214 --json reviews \
  --jq '.reviews[] | [.submittedAt, .author.login, .state] | @tsv'
gh pr view 214 --json commits \
  --jq '.commits[] | [.committedDate, .oid[0:7]] | @tsv'
```

Kila maoni yanapofuatwa na komiti, hesabu moja. Majibu ya developa mwenyewe yaondoe, maana akijibu chini ya mstari wa msimbo, jibu lake huingia kwenye orodha likiwa na hali ya `COMMENTED` na kuvimbisha hesabu. Kama alifanya `rebase` katikati, saa za komiti zimebadilika na orodha itakudanganya. Hapo soma mtiririko wa matukio kwenye ukurasa wa PR wenyewe.

Namba peke yake haisemi kosa ni la nani. Chukua tiketi, yaani maelezo ya kazi anayopewa developa, iliyoandikwa sentensi moja tu: "Mnunuzi aweze kutumia kuponi ya punguzo." PR yake ina mistari 180, majaribio yote yamepita, na bado imekwenda raundi tano.

Raundi ya kwanza, mkaguzi anauliza: punguzo linakatwa kabla ya kodi au baada? Developa alijaribu kuponi ya asilimia 10 tu, ambayo jumla yake haibadiliki ukikata kabla au baada. Kuponi ya kiasi maalumu ndiyo inayoumbua. Bidhaa ya 1,000, kodi asilimia 18, kuponi ya 100: ukikata kabla ya kodi mnunuzi analipa 1,062, ukikata baada analipa 1,080. Tiketi haikusema lolote. Raundi ya pili, swali ni kama kuponi mbili zinaruhusiwa kwa oda moja. Ya tatu, nani anarudishiwa nini bidhaa moja ikirudishwa dukani. Raundi zote tatu zimezaliwa na tiketi. Hata developa hodari kiasi gani asingeweza kubashiri majibu hayo.

Ya nne na ya tano ni habari nyingine. Mkaguzi ameandika "hii fanksheni haijakaa vizuri." Developa akabadilisha jina. Akajibiwa "bado." Kumbe alichotaka mkaguzi ni hesabu ya kodi itolewe kwenye fanksheni ile iwe peke yake, sentensi ambayo ingeandikwa mara ya kwanza na kumaliza mambo. Raundi hizo mbili ni zetu, na hatumtozi mteja.

Kuzitofautisha si kazi ngumu. Angalia maoni ya raundi ya pili na kuendelea yameangukia wapi. Yakiuliza programu ifanye nini, tiketi ilikuwa na pengo. Yakirudi kwenye mistari ileile ambayo developa ameshaibadilisha, mkaguzi hakueleweka. Yakiangukia mistari iliyokuwepo tangu mwanzo na haijaguswa, mkaguzi hakusoma yote mara ya kwanza, na mara nyingi PR yenyewe ni kubwa mno. Kwa hiyo usilinganishe PR ya mistari 40 na ya 900.

Sasa njia ya mkato. Wapo wateja wanaotuambia tuweke kikomo cha raundi mbili. Kikomo hicho hushusha namba, si kazi: maoni yanahamia kwenye simu na meseji, au PR inafungwa na kufunguliwa nyingine yenye msimbo uleule, na swali la kodi linaibuka wakati wanunuzi wameshatozwa. Kurekebisha oda zilizokwisha kulipwa ni ghali kuliko raundi yoyote.

Tunachotoza badala yake ni nusu saa kabla ya msimbo kuanza, kuandika vigezo vya kukubali kazi vyenye mfano wa namba: bei, kodi, kuponi, jumla inayotarajiwa. Wengi huomba tuifute nusu saa hiyo kwenye makadirio. Hatuifuti. Kwa tiketi ya kuponi, mistari minne ya mifano ya aina hiyo ingejibu maswali yote matatu ya mwanzo.