Taarifa ya Mwenyekiti kwa Mkutano Mkuu wa Mwaka wa Chama cha Wachimbaji Wadogo, Busia, Uganda

Ndugu wanachama, wazee wetu, akina mama wa kuosha na vijana wa mashimoni, hamjambo.

Mambo ya kawaida nayapitia haraka. Tumebaki wanachama 62. Hesabu za fedha atazisoma mweka hazina, na karatasi zake ziko ubaoni tangu jana. Pampu ndogo imetengenezwa mara tatu, na mara ya nne nitaomba tuiuze chuma chakavu. Leseni yetu chini ya Sheria ya Madini ya 2022 iko hai.

Muda uliobaki nautumia kwa jambo lililotugawanya tangu Machi: ule mshipa wa dhahabu wa mlimani tuufungue au tuuache?

Mnakumbuka ulivyoanza. Alikuja mtu na gari zuri, akaokota jiwe moja pale Mwembeni, akarudi baada ya wiki mbili na karatasi ya maabara iliyosema gramu 38 za dhahabu kwa tani. Jioni ile ile kuna mwanachama aliyekuwa ameshapiga hesabu kwenye simu: mshipa una tani karibu 5,800, zidisha kwa 38, ni zaidi ya kilo 220 za dhahabu. Simlaumu, maana hata mimi sikulala. Lakini lile jiwe lilichaguliwa kwa jicho. Lilikuwa na vumbi la manjano linaloonekana, na mtu akienda sokoni hachukui embe bovu. Jiwe la kuokota linasema dhahabu ipo. Ni kiasi gani, haliwezi kusema.

Kwa hiyo kamati ilimlipa mjiolojia mmoja siku sita. Alichimbisha mitaro kukata mshipa, na kila mahali alipotaka sampuli alipiga tindo kutoka ukuta mmoja wa mshipa hadi wa pili, mstari wa upana wa kiganja, kina kilekile mwanzo mpaka mwisho. Mama mmoja wa kundi la kuosha alishika turubai chini ili hata unga usipotee. Vijana waliona ni uchoyo, kumbe unga ndio wenye hesabu: jiwe laini lenye dhahabu humomonyoka kwanza, na ukiliacha lidondoke pembeni unapima jiwe gumu lililo tupu. Ukichota laini tu, unajidanganya kwa upande wa pili.

Uzito nao tulipima wenyewe. Jiwe likining'inia kwenye mizani ya kilo lilisoma 5.4, na likizamishwa kwenye ndoo ya maji lilisoma 3.4. Gawanya 5.4 kwa tofauti ya 2, unapata 2.7. Yaani mita moja ya ujazo ya mshipa ina tani 2.7.

Mshipa una urefu wa mita 120, na tumeugawa vipande vinne vya mita 30, kwa majina mnayoyajua. Kina tumekikadiria mita 30. Mwembeni mshipa una upana wa mita 0.4 na gredi ya gramu 14 kwa tani. Barabarani ni mpana, mita 0.9, lakini gredi ni 3 tu. Kisimani ni mita 0.6 na gredi 8. Mtoni ni mita 0.5 na gredi 1.5.

Hapa ndipo watu wengi huteleza. Ukijumlisha gredi nne ukagawanya kwa nne unapata 6.6. Hesabu hiyo ni mbovu, kwa sababu kipande kikubwa kuliko vyote ndicho chenye dhahabu chache. Inabidi kila gredi izidishwe kwa tani zake kwanza. Mwembeni kuna tani 972, Barabarani 2,187, Kisimani 1,458 na Mtoni 1,215. Jumla ni tani 5,832 zenye dhahabu kilo 33.7, yaani wastani wa gramu 5.8. Kutoka kilo 220 tumeshuka hadi 33.7, na bado hatujaanza kuchimba.

Tukianza kuchimba, hesabu inashuka tena. Nani kati yenu anaingia kwenye ufa wa mita 0.4 na nyundo? Shimo la mtu kufanya kazi linataka upana wa mita 1 hivi, na ule mwamba mtupu wa pembeni utapasuliwa, utavutwa na winchi na utasagwa pamoja na mshipa. Dhahabu haiongezeki, tani ndizo zinaongezeka. Kila kipande sasa kina tani 2,430. Gredi ya Mwembeni inashuka kutoka 14 hadi 5.6, Kisimani 4.8, Barabarani 2.7 na Mtoni 0.75. Tazameni Barabarani: imepoteza kidogo sana, kwa sababu pale mshipa wenyewe karibu unajaza shimo. Mwembeni imepoteza zaidi ya nusu. Tukichambua kwa mkono kabla ya kinu tutarudisha kidogo, lakini hilo nimeliacha nje ya hesabu mpaka nilione likifanyika siku ya mvua.

Sasa gredi ya kikomo. Maana yake ni gredi ambayo tani moja inajilipia tu, haibaki hata shilingi. Kwa tani moja tumejumlisha mishahara, magogo ya kuzuia kuta, baruti, mafuta ya pampu na winchi, kusaga na kuosha, tukapata shilingi 480,000. Bei ya dhahabu tumeiweka shilingi 300,000 kwa gramu, makusudi chini ya ile tuliyouza mwaka huu, kwa sababu mnunuzi hukata na bei hushuka. Halafu kinu na mazulia yetu ya kunasia hushika nusu tu ya dhahabu iliyomo, nusu nyingine huenda na marudio, yaani mchanga unaobaki baada ya kuosha. Kwa hiyo gramu moja iliyo kwenye jiwe inatuletea shilingi 150,000. Gawanya 480,000 kwa 150,000, unapata 3.2. Jiwe la chini ya gramu 3.2 tukilichimba tunamlipa mtu atutie hasara.

Mwembeni na Kisimani vinapita. Barabarani na Mtoni havipiti.

Kwenye kikao cha Agosti mzee mmoja aliniuliza swali ambalo hata mjiolojia alilisifu: "Mwenyekiti, vipande vyote vinne kwa pamoja vina wastani wa 3.46. Hiyo si imevuka 3.2? Kwa nini tuache nusu ya mlima?" Ni kweli, wastani unavuka. Basi tukapiga hesabu zote mbili mbele yake. Tukichimba vyote, mauzo ni shilingi bilioni 5.05 na gharama bilioni 4.67. Inabaki milioni 383. Tukichimba Mwembeni na Kisimani peke yake, mauzo ni bilioni 3.79 na gharama bilioni 2.33, inabaki bilioni 1.46. Tani zimepungua nusu, na kinachobaki ni karibu mara nne. Barabarani na Mtoni vilikuwa vinakula faida ya wenzao, na wastani ulikuwa unawafunika kwa blanketi moja. Mzee alinyamaza kidogo, akasema, "Kumbe mlima unaweza kuwa na dhahabu nyingi na ukatufilisi." Nikamwambia aje asome taarifa hii badala yangu. Alikataa.

Kumbukeni bado kuna gharama za kuanzia: shimo la kushukia lenye magogo, pampu kubwa, jenereta na winchi, jumla tumekadiria milioni 900. Ukichimba mlima wote unabaki na deni la zaidi ya milioni 500. Ukichimba vipande viwili unabaki na milioni 558. Kwa tani 10 kwa siku na siku 250 kwa mwaka hiyo ni kazi ya karibu miaka miwili, na kwa wanachama 62 ni milioni 9 kila mmoja, yaani shilingi 375,000 kwa mwezi juu ya mshahara wa atakayefanya kazi. Si utajiri, lakini ni pesa.

Barabarani isisahaulike, maana iko katikati ya Mwembeni na Kisimani na njia ya chini itaikata. Jiwe la njia hiyo tutakuwa tumeshalipasua na kulivuta tupende tusipende, kwa hiyo linalobaki kuamuliwa ni kusaga na kuosha tu, shilingi 180,000 kwa tani. Kikomo cha jiwe hilo ni gramu 1.2, na lenyewe lina 2.7. Lisagwe. Tusilimwage bondeni kwa sababu karatasi ilisema Barabarani haipiti. Na kinu kikifika siku ya kushika asilimia 60, kikomo cha mlima mzima kitashuka hadi 2.67, na Barabarani yote itaingia kwa kupenya. Jiwe halitakuwa limebadilika hata chembe. Walioishi Kasese wanaijua habari hii: mabaki ya madini ya salfidi ya mgodi wa shaba wa Kilembe yalikaa miaka mingi yakiitwa taka, kisha mwaka 1999 kikaanza kiwanda cha kutoa kobalti humo kwa msaada wa bakteria. Ndiyo maana kamati imekataa kuuza lundo letu la marudio kwa bei ya mchanga wa kujengea.

Wasiwasi wangu mkubwa ni kina. Mita 30 ni makadirio, kwa sababu shimo letu refu la sampuli liliishia mita 9. Kule juu jiwe limeoza kwa mvua na dhahabu imeachwa huru, inanaswa na zulia. Chini ya usawa wa maji huanza jiwe la kijivu lenye vimeta vya salfidi, na dhahabu nyingine hufungwa ndani yake. Tukishika asilimia 35 tu huko, kikomo kinapanda hadi 4.57. Kisimani yenye 4.8 itakuwa imeshikilia kwa kucha. Tena dhahabu yetu ni ya punje: sampuli mbili zilizokatwa Mwembeni nusu mita mbali zilitoa gramu 9 na gramu 41. Mjiolojia aliishusha ile ya 41 kabla ya kufikia ile 14, na alifanya vyema, maana punje moja kwenye mfuko mmoja isibebe tani 972.

Kwa sababu hiyo kilo tulizozitaja ziitwe makadirio, wala asitokee mtu wa kuzipeleka benki akaziita akiba iliyothibitishwa.

Kamati inaomba idhini ya shilingi milioni 18: kushusha mashimo mawili, Mwembeni na Kisimani, hadi mita 20, kukata sampuli kila mita mbili, na kupitisha tani tano za jiwe la kijivu kwenye kinu chetu ili tupime linashikwa kiasi gani. Gredi ya Kisimani ikishuka chini ya kikomo tutakachokipata hapo, hatununui pampu. Kura itapigwa kwa kunyoosha mikono baada ya mweka hazina kusoma hesabu.