Kwa nini sambusa zimepasuka kwenye mafuta? Tusome pamoja mgongo wa pakiti

Ramadhani iliyopita mteja wetu wa siku nyingi alitupigia simu usiku, futari imeshaliwa. "Dada, sambusa zenu zimepasuka, nyama yote imemwagika kwenye karai." Tulimwomba atueleze alivyoziandaa. Alitoa pakiti ya sambusa 20 kwenye friza saa tisa alasiri, akaiacha mezani zilainike, na saa kumi na mbili akaanza kukaanga. Alikaanga 8, zile 12 akazirudisha kwenye friza kwa ajili ya kesho.

Nyuma ya pakiti tumeandika: "Kaanga zikiwa zimeganda. Usiyeyushe." Tunakiri kwamba hatukuandika sababu, na sababu ndiyo inayomfanya mtu afuate maelekezo. Sambusa ikiyeyuka, maji yaliyokuwa barafu ndani ya nyama na vitunguu huingia kwenye manda. Manda hulegea, gundi ya unga kwenye mkunjo huachia, na zikigusana hushikana. Ukiziachanisha zinachanika, na ukizitia kwenye mafuta ya moto maji yale hugeuka mvuke na kutafuta pa kutokea. Sambusa iliyoganda manda yake huwahi kukauka na kushika kabla ya ndani kulainika.

Kosa la upande wa pili ni mafuta yenye moto mkali. Nje hubadilika rangi ndani ya dakika mbili, ndani bado baridi. Chovya mpini wa mwiko wa mti uliokauka vizuri: ukiona mapovu madogo yanapanda kwa utulivu kuuzunguka, mafuta yako tayari, yakichemka kwa fujo, punguza moto. Usijaze karai, maana sambusa zilizoganda hupoza mafuta kwa haraka, kisha zinayanywa. Kabla ya kutoa zote, pasua moja. Nyama ya katikati iwe ya moto wa kutoa mvuke, si ya uvuguvugu. Mwenye kipimajoto cha jikoni atafute nyuzi 74.

Lililotutia wasiwasi zaidi ni zile 12 zilizorudishwa. Tulimwambia azitupe, na tunajua iliuma. Nyama ya sambusa tunaipika kabla ya kufunga, ndiyo maana wengi huona kwamba haina hatari. Lakini baada ya kupikwa imeshikwa kwa mikono, na friza haiui bakteria, inawalaza tu. Nyama ikiyeyuka kwenye joto la chumba wanaamka na kuzaliana. Kiasi cha kukubalika ni saa mbili nje ya baridi, na hewa ikizidi nyuzi 32, kama alasiri nyingi za Dar es Salaam, ni saa moja. Baadhi ya bakteria huacha sumu ambayo moto wa karai hauiondoi, kwa hiyo kuzikaanga sana kesho yake kusingemsaidia. Na harufu isikudanganye, chakula cha namna hiyo kinaweza kunukia vizuri kabisa.

Basi ukifungua pakiti, toa idadi unayotaka, kamua hewa, kunja mdomo wa mfuko, ubane vizuri na uurudishe kwenye friza kabla hata hujawasha jiko. Andika tarehe ya kufungua kwa kalamu ya wino. Hewa ikibaki ndani, manda hukauka na kufanya madoa meupe. Hayo hayadhuru, ila ladha hupungua.

Tarehe ya mwisho iliyo kwenye pakiti inahesabiwa kwa nyuzi 18 chini ya sifuri, na si kila friji inafika huko. Angalia nyota kwenye mlango wa sehemu ya barafu. Nyota tatu ni nyuzi 18 chini ya sifuri, mbili ni 12, moja ni 6 tu. Friji ndogo nyingi zina kisanduku cha nyota moja, na humo tunashauri umalize pakiti ndani ya wiki moja, hata kama tarehe iko mbali.

Umeme ukikatika, usifungue mlango. Friza iliyojaa inaweza kuhifadhi baridi yake kama saa 48, iliyojaa nusu kama saa 24. Kisanduku cha ndani ya friji hakifiki huko. Ukisafiri, gandisha kikombe cha maji, weka sarafu juu ya barafu, ukiache ndani ya friza. Ukirudi ukakuta sarafu imezama chini, vitu viliyeyuka vikaganda tena. Hata bila kikombe, pakiti yetu itakuonyesha: sambusa zilizokaa salama husikika zikigongana ukiitikisa, zilizoyeyuka huwa bonge moja lenye barafu pembeni. Ukikuta bonge la hivyo dukani kwetu, turudishie palepale.